Korido ya Kawaida Inapoonekana ya Bahati Mbaya: Kutatua Matatizo ya Theluthi, Mistari na Tabaka la Mbele

Malalamiko ninayoyasikia mara nyingi kutoka kwa wapiga picha za video wanaoanza ni kwamba mahali walipopewa ni pabaya: korido nyembamba, milango mitatu upande mmoja, madirisha upande wa pili, sakafu inayong'aa na taa za dari. Wamefuata kila walichofundishwa, yaani wamemweka mtu kwenye theluthi, wametafuta mistari elekezi na wametia kitu mbele ya kamera, lakini fremu bado inaonekana kana kwamba mtu alipita tu wakati kamera ikiwa wazi. Katika mwongozo huu nitaichukua korido moja ya namna hiyo na kuifuatilia dalili kwa dalili, kwa sababu kwa uzoefu wangu kosa huwa katika namna kanuni hizi tatu zinavyopishana, na mara chache sana huwa la mahali penyewe.

Korido yetu ina upana wa mita 2. Mtu amesimama mita 3 kutoka kwenye kamera, karibu na mlango wa kushoto, na kati yake na ukuta huo kuna sentimita 50. Kamera ina sensa ya milimita 36 kwa 24 na lenzi ya milimita 35, inarekodi kwa uwiano wa 16:9, nayo imewekwa katikati ya korido ikitazama mbele moja kwa moja.

Kabla ya kusogeza chochote, rekodi sekunde chache, simamisha picha, kisha uichore mistari: weka rula juu ya kioo, au fungua picha hiyo kwenye simu na uchore kwa kidole. Fuata ukingo wa sakafu pande zote mbili, mstari wa juu wa milango na safu ya taa, na uendeleze kila mstari mpaka yote ikutane. Mahali inapokutana nitapaita nukta ya mkutano, na karibu matatizo yote yanayofuata yanategemea mahali nukta hiyo ilipoangukia.

Dalili ya kwanza: mtu yuko kwenye theluthi, lakini anaonekana amesahaulika pale

Katika korido yetu mtu ameangukia karibu kabisa kwenye mstari wa theluthi wa kushoto, na gridi ya kamera inathibitisha hivyo. Hata hivyo, ukichora mistari utaona kwamba yote inakimbilia katikati ya fremu, kwenye ukuta mtupu ulio mwisho wa korido. Jicho la mtazamaji linavutwa na kingo mbili za sakafu, kingo mbili za dari na safu ya taa kwenda mahali pasipo na kitu, ilhali mtu anayepaswa kutazamwa yuko pembeni mwa msafara huo. Mpangilio wa theluthi unasema jambo moja, mistari inasema jingine, na mtazamaji asiyejua chochote kuhusu upigaji picha huhisi ugomvi huo bila kuweza kuutaja.

Chanzo chake ni jiometri. Mistari yote iliyo sambamba na korido hukutana upande ule ambao korido inaelekea, na kamera inayotazama upande huohuo huiweka nukta hiyo katikati ya fremu. Kusogeza kamera kushoto au kulia bila kuigeuza hakuihamishi nukta hata kidogo, na hapa ndipo wengi hupoteza nusu saa. Kinachobadilika kamera inaposogezwa ni mteremko wa mistari na mahali mtu anapoonekana akilinganishwa na nukta hiyo.

Kwa hiyo tiba ina hatua mbili, na mpangilio wake ni muhimu. Hatua ya kwanza ni kumleta mtu kwenye nukta. Mstari unaotoka kwenye lenzi kwenda kwa mtu ukiwa sambamba na korido, mistari yote itamfikia yeye, na sharti hilo hutimia pale kamera na mtu wanapokuwa umbali uleule kutoka kwenye ukuta. Chukua futikamba: ikiwa mtu yuko sentimita 50 kutoka ukuta wa kushoto, lenzi nayo iwe sentimita 50 kutoka ukuta huo. Kamera itakuwa imebanwa pembeni kwa namna inayoonekana ya ajabu ukiwa umesimama nyuma yake, lakini ukitazama kioo utaona ukuta wa kushoto umejikunja kwa kasi, ukuta wa kulia umefunguka kwa upana, na kingo zote zinaishia kwa mtu.

Sasa mtu yuko katikati ya fremu pamoja na nukta, na hatua ya pili ni kuvihamisha vyote viwili kwa pamoja hadi kwenye theluthi. Njia inayojulikana ni kuigeuza kamera kidogo kulia ili kila kilichomo kihamie kushoto. Kwa lenzi ya milimita 35 mgeuko wa nyuzi 10 hivi unatosha. Kwa lenzi ya milimita 24 unahitaji nyuzi 14, na kwa ya milimita 50 nyuzi 7. Gharama ya mgeuko huo ni kwamba ukuta wa mwisho, uliokuwa umeitazama kamera uso kwa uso, sasa utakuwa na mteremko mdogo katika mistari yake ya mlalo. Mara nyingi hauonekani, ila kama mwisho wa korido kuna dirisha kubwa la mraba utauona mara moja.

Mimi hupendelea njia nyingine pale ninaporekodi kwa 4K huku kazi ikitakiwa kwa 1080. Naiacha kamera inyooke kabisa, mtu na nukta wakiwa katikati, kisha nakata robo ya fremu upande wa kushoto na robo upande wa juu. Hesabu yake ni rahisi kuihakiki: nukta ilikuwa kwenye nusu ya upana, ukiondoa robo ya kushoto inabaki robo moja kushoto kwake na nusu kulia kwake, yaani theluthi moja na theluthi mbili. Ni hivyo hivyo kwa urefu wa kwenda juu. Kata hiyo moja inaiweka nukta kwenye makutano ya theluthi ya kushoto na ya juu, bila kuigeuza kamera na bila kuiinamisha, milango ikibaki imesimama wima. Kwa kuwa 4K ina pikseli 3840 kwa 2160, kinachobaki ni 2880 kwa 1620, ambacho bado ni kikubwa kuliko 1920 kwa 1080. Hesabu haitegemei lenzi, kwa hiyo inafaa hata kwa simu. Anayependa kufanya kazi kwa amri za programu ya ffmpeg anaweza kuandika hivi:

```
ffmpeg -i asili.mp4 -vf "crop=2880:1620:960:540,scale=1920:1080" kata.mp4
```

Ukichagua njia hii, bandika vipande viwili vyembamba vya utepe wa gundi kwenye kioo cha kamera, kimoja robo kutoka kushoto na kingine robo kutoka juu, ili wakati wa kurekodi uone fremu itakayobaki. Gridi ya kawaida haitakusaidia hapa, kwa sababu inaigawa fremu nzima ambayo hutaitumia.

Niongeze jambo moja kando. Jina la kanuni ya theluthi liliandikwa mwaka 1797 na msanii Mwingereza John Thomas Smith, naye alikuwa akizungumzia kugawa maeneo ya picha ya kuchorwa, kwa mfano anga ichukue theluthi mbili na nchi theluthi moja. Kanuni hiyo ilianza kama swali la kiasi gani cha fremu kinapewa nini, na naona ni salama zaidi kuifikiria hivyo. Katika fremu yetu mpya ukuta wa kulia wenye madirisha umepewa sehemu kubwa na ukuta wa milango sehemu ndogo. Tofauti hiyo ndiyo inayomwambia mtazamaji kwamba kuna mtu aliyeamua.

Dalili ya pili: mistari inamfikia mtu, lakini inamchoma kifuani au kumkata shingo

Chanzo ni kimo cha kamera. Kamera ikiwa imelazwa sawa kwa pimamaji, kila kitu kilicho kwenye kimo cha lenzi huangukia kwenye mstari mmoja wa mlalo unaopita kwenye nukta ya mkutano, kiwe karibu au mbali. Tripodi nyingi huachwa chini ya kimo cha macho, pale miguu yake inapoishia bila kuinua shina la kati, na matokeo yake ni kwamba korido nzima inaelekeza macho tumboni mwa mtu aliyesimama. Inua lenzi mpaka kimo cha macho ya mtu huyo. Kama macho yake yako mita 1.55 kutoka sakafuni, lenzi nayo iwe mita 1.55. Usiiache chini na kuiinua pua ya kamera juu, kwa maana milango itaanza kuegemeana.

Katika umbali wa mita 3, fremu kamili itaonyesha urefu wa mita 1.74 hivi, kuanzia mapajani mpaka juu sana ya kichwa, na hapo mwanafunzi hushtuka kuona nafasi kubwa tupu juu. Nafasi hiyo ndiyo ile robo itakayokatwa.

Kuna aina ya pili ya dalili hii ambayo ni ya kuudhi zaidi. Korido nyingi zina mstari wa rangi au ubao wa kinga ukutani. Mstari huo ukiwa kwenye kimo kilekile cha lenzi, hauteremki kuelekea popote. Unanyooka mlalo kutoka ukingo mmoja wa fremu hadi mwingine na kupita usoni mwa mtu kama kamba ya kuanikia nguo. Hili hutokea hasa mtu anapokuwa ameketi, kwa kuwa macho ya aliyeketi huwa karibu na kimo cha mistari hiyo. Shusha au pandisha kamera sentimita 10 tu, na mstari uleule utapata mteremko na kurudi kufanya kazi ya kuelekeza. Macho yatakuwa yamepotoka kidogo kutoka kwenye nukta, lakini kupotoka huko hakuna atakayekuona, wakati mstari wa mlalo shingoni kila mtu atauona.

Dalili ya tatu: kitu cha mbele kinaonekana kama kidole kilichoziba lenzi

Hapa nina deni la kukiri. Niliwahi kurekodi mazungumzo marefu nikiwa nimeweka jani la mmea kwenye kona ya chini ya fremu, na nilipoyatazama mezani baadaye, jani lile lilikuwa doa la kijani lililotikisika kila feni ilipozunguka. Sikuweza kulikata bila kumharibu mzungumzaji. Tangu siku hiyo huwa nakihoji kitu cha mbele kwa maswali matatu kabla ya kurekodi.

Swali la kwanza ni kama kimeingia vya kutosha. Kitu kinachogusa kona moja tu kinasomeka kama ajali. Kinachoingia kwa ukingo wa juu na kutokea ukingo wa chini, kikifunika kati ya sehemu moja ya tano na theluthi moja ya upana, kinasomeka kama pazia ambalo mtazamaji amesimama nyuma yake. Inashangaza, lakini dawa ya kitu cha mbele kinachosumbua mara nyingi ni kukiongeza.

Swali la pili ni kama kimefifia vya kutosha. Ukungu wa nusunusu ni mbaya kuliko kutokuwa na ukungu kabisa, kwa kuwa jicho hujaribu kukitambua kitu na kushindwa. Kwa lenzi yetu ya milimita 35 iliyofunguliwa kwa f/2.8, fokasi ikiwa kwa mtu aliye mita 3 mbele, kitu kilicho mita 1.5 kitabaki kinasomeka vizuri, ukingo wake ukiwa umelainika kidogo tu. Kilete mpaka sentimita 40 na ukingo wake utasambaa zaidi ya mara sita ya hapo; sasa kimekuwa umbo na rangi tu, na hicho ndicho tulichokuwa tunakitaka. Wenye simu wanapaswa kujua kwamba lenzi zao ndogo hufifisha kidogo sana, takriban sehemu moja ya tano ya kamera yetu katika umbali uleule, kwa hiyo kitu cha mbele kinatakiwa kiwe sentimita 10 mpaka 15 kutoka kwenye lenzi. Fokasi ya simu itakapojaribu kukirukia kitu hicho na kumwacha mtu, gusa uso wa mtu na ushikilie mpaka fokasi ifungwe. Kwenye iPhone yatatokea maneno `AE/AF LOCK`.

Swali la tatu ni mwanga. Tabaka la mbele linalong'aa kuliko mtu litamshinda mtu, hata kama limefifia namna gani. Napenda lipate robo ya mwanga anaoupata mtu au pungufu, na katika korido jambo hili ni jepesi: zima taa ya dari iliyo juu ya kamera, uache ile iliyo juu ya mtu.

Tuyatie yote hayo katika korido yetu. Baada ya kukata, upande wa kulia wa fremu una theluthi mbili za ukuta na madirisha, na ukingo wake wa mwisho uko wazi mno. Nilichukua koti jeusi, nikalitundika kwenye stendi ya taa sentimita 40 mbele ya lenzi, ukingo wake wa kushoto ukiwa sentimita 13 kulia kwa mstari unaotoka kwenye lenzi kwenda kwa mtu. Kwa vipimo hivyo koti hufunika robo ya kulia ya fremu iliyokatwa, kutoka juu mpaka chini. Kinachobaki wazi kati ya koti na ukingo wa kushoto ni sehemu nyembamba zaidi, na mtu yupo karibu na katikati ya uwazi huo, huku akiwa bado kwenye theluthi ya fremu iliyokatwa. Hakuna mtazamaji atakayejua kwamba lile ni koti. Lingeweza kuwa mlango, nguzo au bega la mtu anayesikiliza, nalo bega ndilo ninalolichagua kama hadithi inamruhusu mtu wa pili kuwapo.

Dalili ya nne: tabaka zipo tatu, lakini picha ni bapa

Hili ni fupi. Punguza rangi zote mpaka picha iwe nyeusi na nyeupe, kisha uitazame ikiwa ndogo kama ukucha. Kama koti, mtu na ukuta wa nyuma vina wekundu, ukijani na ubuluu tofauti lakini wote wamekuwa kijivu kimoja, tabaka zimeshikana. Ubadilishe mwanga wa tabaka moja tu, na mara nyingi iliyo rahisi ni ya nyuma: fungua mlango wa mwisho mwanga uingie sakafuni nyuma ya mtu. Kuna jaribio jingine kwa video. Telezesha kamera sentimita chache kando bila kuigeuza. Kitu cha sentimita 40 kinapaswa kukimbia kwenye kioo mara saba na nusu ya mtu aliye mita 3. Kama vyote vinasogea karibu sawa, kitu chako cha mbele hakiko mbele.

Dalili ya tano: fremu ni nzuri mpaka mtu anapotembea

Kwa kawaida mtu akitembea hutoka kwenye theluthi, na mpiga picha humfuata kwa kuigeuza kamera, mistari yote ikimwachia. Chanzo ni kwamba anatembea kwa mshazari kuukatiza ule mstari uliopimwa kwa futikamba. Bandika utepe sakafuni sentimita 50 kutoka ukutani, kutoka mwisho wa korido mpaka mita 1.5 mbele ya kamera, umwombe aufuate. Kwa kuwa njia yake ni sambamba na korido na macho yake yako kwenye kimo cha lenzi, uso wake utabaki kwenye nukta ileile ya fremu mwendo mzima, ukikua tu, na kamera haihitaji kuguswa isipokuwa kwa fokasi. Utepe wenyewe utaonekana iwapo sakafu inaonekana, kwa hiyo tumia wa rangi ya sakafu, au mwache arudie njia mara nne kisha uubandue.

Njia hii ina mipaka. Korido iliyopinda haina nukta moja ya mkutano, na ngazi zina nukta yao juu au chini ya kimo cha lenzi, hivyo vipimo vya ukutani havitoshi na itabidi uchore mistari kwenye kioo kila unapomhamisha mtu. Na katika korido hii hii iliyonyooka, mtembeaji akivuka ile alama ya mita 1.5 mwili wake utaanza kuifunika sehemu kubwa ya kingo za sakafu zilizokuwa zikimwelekea. Hapo kata, uende kwenye fremu nyingine.